Mwenzako akiandika Kiingereza cha kubabaisha

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza masufuria kutoka Yiwu, China, anaweza kupata ujumbe wa namna hii: «Mzigo kuisha 10/4, wewe lipa sehemu, sisi tuma meli.» Kiingereza chake kimekatikakatika, lakini anayeandika anaijua kazi yake. Cha kumuuliza si sarufi. Ni tarehe gani, na «sehemu» ni kiasi gani?

Wengi hujibu kwa kumwigiza, wakiandika nao «mimi lipa, wewe tuma», wakidhani wanamrahisishia. Huko ni kumdharau, tena kunaharibu kazi. Mara nyingi mwenzako anaupitisha ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, nayo hutafsiri vizuri zaidi sentensi fupi zilizokamilika. Vifupisho na mafumbo huivuruga.

Jibu zuri huyarudia maneno yake yakiwa yamenyooka, bila kutaja kosa: «Asante. Nimeelewa kwamba mzigo utakuwa tayari tarehe 10 Aprili. Nitalipa asilimia 70 iliyobaki kabla ya kupakia. Meli itaondoka tarehe ngapi?» Ameona sentensi sahihi bila kusahihishwa, na kama ulimwelewa vibaya, ana pa kukurekebisha. Kama yeye amesema «mzigo», nawe endelea na «mzigo» hadi mwisho. Ukigeuka na kuita «bidhaa» halafu «shehena», atadhani ni vitu vitatu.

Mwezi uandike kwa jina. Wachina hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hiyo 10/4 yako ya Aprili kwake inaweza kuwa tarehe 4 Oktoba, na siku hiyo viwanda vingi viko kwenye likizo ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1.

Angalia pia maswali ya kukanusha. Ukiuliza, «Hamjapakia bado?», Mchina anaweza kujibu «ndiyo» akimaanisha ni kweli hawajapakia, kama tunavyojibu sisi kwa Kiswahili. Lakini katika Kiingereza «ndiyo» hiyo huweza kusomeka kwamba wameshapakia. Uliza tu: «Mmepakia katoni ngapi?»

Swali la aina hiyo ndilo linalofichua kama mmeelewana. Anayejibu «sawa, sawa» kwa kila kitu huenda hajaelewa, ila anaona aibu kusema. Usimuulize, «Umenielewa?» kwa sababu atasema ndiyo. Muulize jambo ambalo jibu lake ni tarehe, idadi au picha. Akituma picha ya katoni zenye alama yako, maneno machache yanatosha.

Penye fedha nyingi au masharti ya fidia, ujumbe mfupi hautoshi hata ukiandikwa vizuri namna gani. Hapo mtafute mkalimani, na mwambie mwenzako kwamba mkalimani ni kwa ajili yenu wote wawili, kwa kuwa nawe Kichina hukijui.