Kumbukumbu ya MySQL inapozidiwa na data

Mfumo wa kukata tiketi za mabasi ukianza kusuasua alfajiri, wakati mabasi yanapakia na mawakala wote wanatafuta abiria kwa pamoja, watu wengi huilaumu intaneti. Mara nyingi tatizo liko ndani ya seva yenyewe, katika sehemu ya kumbukumbu ambayo MySQL hutunzia data iliyosomwa karibuni ili isirudi diskini kila mara. Sehemu hiyo inaitwa bafa ya InnoDB, na ukubwa wake huwekwa kwa kigezo kimoja, `innodb_buffer_pool_size`. Usipokigusa, kinabaki megabaiti 128 hata kama seva yako ina gigabaiti 64 za kumbukumbu.

Tuchukue mfano wa mfumo mmoja wa tiketi unaohudumia kampuni nyingi za mabasi. Seva ina gigabaiti 16 za kumbukumbu na haina kazi nyingine zaidi ya MySQL. Jedwali la tiketi lina rekodi milioni 60, na kila siku zinaongezeka 100,000. Ukijumlisha jedwali hilo na indeksi zake, linafika karibu gigabaiti 40. Aliyeuweka mfumo aliipa bafa gigabaiti 4, na mwaka wa kwanza haukuwa na shida. Sasa, kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, kumtafuta abiria mmoja kunachukua sekunde nne.

Kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hukitazama ni asilimia ya maombi yanayojibiwa na bafa bila kwenda diskini. Hapa ni asilimia 98, na mtu anaweza kuridhika nayo. Hiyo asilimia inadanganya, nami ningependa iondolewe kabisa kwenye ripoti za mafundi. Saa ya msongamano, bafa hii inapokea maombi 150,000 ya kurasa kwa sekunde. Asilimia mbili ya hayo ni 3,000, na diski ya wingu iliyokodiwa kwa mfumo huu inaruhusu kusoma mara 3,000 tu kwa sekunde. Ombi linalozidi hapo linasubiri zamu. Kutoka asilimia 99 kushuka hadi 98 kunaonekana ni jambo dogo, kumbe kazi ya diski imeongezeka maradufu. Ndiyo maana mfumo hauchoki polepole: unakwenda vizuri miezi mingi, kisha ndani ya wiki chache data inayotumika kila siku inaizidi bafa kidogo tu, na kila kitu kinakwama.

Kinachofaa kupimwa ni idadi ya safari za diskini kwa sekunde, tena saa ya msongamano, si wastani wa tangu seva iwashwe. Amri hii inaonyesha mabadiliko ya kila sekunde kumi:

```
mysqladmin -r -i 10 extended-status | grep -E 'buffer_pool_reads|buffer_pool_read_requests'
```

Matokeo ya mwanzo yaache, kwa kuwa ni jumla ya tangu seva ianze. Yanayofuata yagawe kwa kumi. `Innodb_buffer_pool_reads` ndiyo safari za diskini. Zilinganishe na uwezo wa diski yako. Diski ya sahani zinazozunguka humudu mia moja hadi mia mbili hivi kwa sekunde ikiwa data imetawanyika. Ya wingu huwa na kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba.

Hatua inayofuata ni kuipanua bafa, ila hesabu ya kumbukumbu ifanyike kwanza. Mwongozo wa MySQL unataja asilimia 80 ya kumbukumbu kama kikomo cha juu kwa seva isiyo na kazi nyingine, na wengi huichukua kama amri. Katika seva yetu hiyo ingekuwa karibu gigabaiti 13. Lakini bafa yenyewe inahitaji nafasi ya ziada ya kuhifadhi kumbukumbu za kila ukurasa, kiasi kinachoweza kukaribia sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Mfumo wa uendeshaji unataka gigabaiti moja. Miunganisho 200 ya mawakala, pamoja na majedwali ya muda ambayo ripoti hutengeneza, inaweza kula gigabaiti mbili kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo, gigabaiti 10 ni salama na 13 ni kamari. Ukizidisha, Linux itaanza kuihamishia kumbukumbu diskini, na hapo bafa iliyowekwa ili kuiepuka diski inakuwa yenyewe iko diskini. Dalili yake utaiona ukiendesha `vmstat 5`: safu za `si` na `so` zinapaswa kubaki sifuri. Zisipobaki sifuri, punguza bafa siku hiyo hiyo. Hali ikiwa mbaya zaidi, Linux huiua MySQL kabisa ili kuokoa seva, na alama ya tukio hilo hubaki kwenye `dmesg`.

Katika toleo la 8.0 na kuendelea, ukubwa hubadilishwa hivi bila kuizima MySQL. Andika baiti zenyewe, kwa sababu amri hii haipokei herufi G:

```sql
SET PERSIST innodb_buffer_pool_size = 10737418240;
SHOW STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_resize_status';
```

Fanya hivyo usiku, maana wakati wa kupanua kuna muda mfupi ambapo kwiri husimama. Kisha usipime asubuhi ya kwanza. Iache bafa ijae kwa siku mbili tatu za kazi ya kawaida.

Katika mfano wetu, safari za diskini zinashuka kutoka 3,000 hadi 1,400 kwa sekunde. Mawakala wanapumua. Lakini bafa imekua mara mbili na nusu, na kazi ya diski imepungua kwa zaidi kidogo tu ya nusu. Tiketi zinazotafutwa asubuhi ni za leo na za wiki hii, yaani rekodi 700,000 za baiti 200 kila moja. Hizo ni megabaiti 140. Iweje gigabaiti 10 zisitoshe?

Jibu ni kwamba InnoDB haisomi rekodi, inasoma kurasa za kilobaiti 16. Ni kama mtu anayetaka kilo moja ya mchele wakati stoo inatoa gunia zima tu: ukihitaji rekodi moja ya baiti 200, bafa inapoteza kilobaiti 16. Rekodi kama sabini na tano zingeweza kukaa kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo ukubwa wa data inayotumika unategemea sana kama rekodi hizo zimekaa pamoja au zimetawanyika.

Mahali rekodi inapokaa huamuliwa na ufunguo mkuu wa jedwali, kwa sababu InnoDB hulipanga jedwali lote kwa kufuata ufunguo huo. Katika mfumo huu kila tiketi imepewa UUID ya kubahatisha, herufi 36, na hiyo ndiyo ufunguo mkuu. Tiketi 100,000 za leo zimetupwa ovyo katika kurasa milioni 1.1 za jedwali. Karibu kila moja imeangukia ukurasa wake peke yake, na zinagusa kurasa 95,000 hivi, yaani gigabaiti moja na nusu. Za wiki nzima zinagusa karibu nusu ya jedwali: gigabaiti 8. Zingekuwa zimepangwa kwa namba inayoongezeka, tiketi za leo zingekaa katika megabaiti 21, na za wiki katika megabaiti 150 hivi. Wakala anapoomba orodha ya abiria 60 wa basi moja, leo MySQL inafungua kurasa 60 zilizo mbalimbali, na nyingi hazimo kwenye bafa.

UUID ina gharama ya pili. Kila indeksi ya ziada hubeba nakala ya ufunguo mkuu kwa kila rekodi. Jedwali hili lina indeksi tano za ziada. Milioni 60 mara baiti 36 mara tano ni gigabaiti 10.8 za nakala za ufunguo tu, zaidi ya bafa yote tuliyoipanua. Namba ya aina ya BIGINT ina baiti 8, na nakala hizo zingekuwa gigabaiti 2.4.

Dawa ya kweli, basi, ni kuweka ufunguo mkuu wa BIGINT unaojiongeza wenyewe, na kuihifadhi UUID kama safu ya kawaida ya `BINARY(16)` yenye indeksi ya kipekee. Indeksi hiyo itabaki imetawanyika, lakini ni nyembamba: baiti 24 za data kwa rekodi badala ya 200, kwa hiyo inaingia kwenye bafa bila kusukuma vingine nje. Kazi yenyewe si ndogo. Jedwali linajengwa upya lote, unahitaji nafasi ya diski ya kulitosha mara ya pili, na majedwali yanayoirejelea UUID ya zamani yanapaswa kubadilishwa pia. Pangia kazi hii usiku kadhaa, na ijaribu kwanza kwenye nakala ya data.

Kuna kazi nyepesi zaidi ya kufanya kabla ya hapo, nayo ni kutafuta indeksi ambazo hakuna anayezitumia:

```sql
SELECT object_name, index_name
FROM sys.schema_unused_indexes;
```

Orodha hiyo huanza upya kila MySQL inapowashwa, hivyo usiiamini mpaka seva iwe imefanya kazi kupita mwisho wa mwezi, wakati ripoti za hesabu zinapoendeshwa. Ukishaipata indeksi ya kushuku, katika toleo la 8.0 na kuendelea ifiche kwanza kabla ya kuifuta. Ikiwa kuna kwiri iliyokuwa ikiitegemea, utairudisha mara moja:

```sql
ALTER TABLE tiketi ALTER INDEX idx_simu INVISIBLE;
```

Indeksi iliyofichwa bado inaandikwa na bado inachukua nafasi. Nafasi inarudi ukishaifuta.

Wengine huogopa kwamba ripoti ndefu au nakala rudufu ya usiku itaifagia bafa yote. InnoDB ina kinga dhidi ya hilo: ukurasa mpya hauwekwi mbele ya foleni, huingizwa katika sehemu ya nyuma, takriban asilimia 37 ya bafa, na haupandi mbele mpaka uguswe tena baada ya sekunde moja kupita tangu uguswe mara ya kwanza. Kinga hiyo ipo tayari bila wewe kuweka chochote.

Zipo kazi ambazo kweli zinahitaji kumbukumbu zaidi. Ikiwa wateja wanagusa data yote kwa usawa, ya zamani na mpya, hakuna mpangilio wa ufunguo utakaoipunguza. Hapo nunua kumbukumbu au gawanya data kwenye seva mbili. Lakini ikiwa kinachotafutwa ni cha wiki hii na bafa ya gigabaiti 10 haitoshi, usilipie seva kubwa zaidi bado. Endesha `SHOW CREATE TABLE tiketi` na uutazame ufunguo mkuu.