Ugeuze Mkanda Kabla ya Kupiga Picha

Picha huja kwa simu: mkanda mweusi uliochakaa, umelazwa juu ya boneti, na ujumbe unasema, "Nataka kama huu." Mara nyingi kinachoonekana ni mgongo tu. Migongo ya mkanda wa V, wa mifereji na wa taimingi yote ni myeusi na bapa, hivyo muuzaji wa vipuri hana cha kushika. Ubinue mkanda ili tumbo lake lionekane, yaani upande wa ndani, kisha upige picha nyingine ukiutazama kwa ubavuni.

Tumboni, angalia mistari inakwenda wapi. Ikifuata urefu wa mkanda mzunguko mzima, huo ni wa mifereji. Ikikatiza kutoka ukingo hadi ukingo, usiharakishe kusema ni taimingi, kwa kuwa hapa ndipo wengi wananunua kisichofaa.

Chukua mkanda wa altaneta wenye upana wa milimita 13 mgongoni. Tumbo lake lina meno, na kwenye picha unafanana kabisa na taimingi. Lakini utazame ubavuni: pande zake zimelala, mgongo ni mpana na tumbo ni jembamba. Huo ni mkanda wa V. Meno yake hayashiki chochote. Yamekatwa ili mkanda ujikunje vizuri kwenye puli ndogo. Kazi yote inafanywa na zile pande mbili zinazojibana ndani ya mfereji wa puli, na ndiyo maana uchakavu wake huonekana pale: pande zinang'aa kama kioo, na mkanda unazama kwenye puli kuliko zamani. Ukibaki na maandishi kama AVX13x1000, 13 ni upana na 1000 ni urefu, vyote kwa milimita.

Mkanda wa taimingi una pande zilizosimama wima, na puli zake nazo zina meno. Ukichakaa, meno huchongoka, hupasuka kwenye shina au hung'oka.

Wa mifereji una mtego wake. Maandishi 6PK1750 yana maana ya mbavu 6 na urefu wa milimita 1750. Kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni milimita 3.56, kwa hiyo mkanda mzima una upana wa milimita 21 hivi. Mbavu mbili za ukingoni zikichanika, picha itaonyesha nne, na muuzaji atakupa wa nne. Basi pamoja na mkanda, piga picha ya puli zake, uweke na rula pembeni. Pale mbavu zilipokuwa zikipita, mifereji huwa imesuguliwa ikang'aa. Hesabu hiyo mifereji, usihesabu mabaki ya mkanda.