Vigezo saba kati ya bikoni ya zamani na setilaiti

Chukua ramani ya zamani ya Tanzania au Kenya iliyochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, soma koordineti za njia panda unayoijua, kisha ziingize kwenye kifaa cha GPS ambacho hakijabadilishwa mpangilio. Kitakupeleka pembeni kwa takriban mita 300 katika mwelekeo wa kaskazini na kusini, na kwa mita zinazokaribia mia katika mwelekeo wa mashariki na magharibi. Ramani haijakosea, wala kifaa hakijakosea. Kila kimoja kinahesabu kutoka umbo lake la dunia. Arc 1960 inatumia duaradufu ya Clarke ya 1880, yenye nusu kipenyo cha ikweta cha mita 6,378,249. GPS inatumia WGS84, yenye mita 6,378,137. Isitoshe, vitovu vya maumbo hayo mawili haviko mahali pamoja.

Anayetaka kuvuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine anahitaji namba saba. Tatu husogeza kitovu katika mihimili ya X, Y na Z. Tatu nyingine huzungusha mihimili hiyo kwa pembe ndogo sana, na ya saba hurekebisha skeli, kwa kuwa minyororo na tepu za zamani hazikukubaliana kikamilifu na setilaiti. Huandikwa hivi:

```
X2 = TX + (1+s)(X1 - RZ*Y1 + RY*Z1)
Y2 = TY + (1+s)(RZ*X1 + Y1 - RX*Z1)
Z2 = TZ + (1+s)(-RY*X1 + RX*Y1 + Z1)
```

Namba hizo hupatikana kwenye bikoni zenyewe. Mpima ardhi hutafuta bikoni za zamani ambazo koordineti zake za Arc 1960 zimo kwenye kumbukumbu, huweka kipokezi cha GPS juu yake na kuzipima upya. Kisha kila bikoni inageuzwa kutoka gridi kuwa latitudo na longitudo, na kutoka hapo kuwa X, Y, Z, kila mfumo kwa duaradufu yake. Kila bikoni inatoa milinganyo mitatu. Bikoni tatu zinatoa tisa, wakati visivyojulikana ni saba tu, hivyo kompyuta hutafuta vigezo vinavyofanya jumla ya miraba ya tofauti zinazobaki iwe ndogo kabisa.

Kwa hesabu hiyo bikoni tatu zinaonekana kutosha, na wengi huishia hapo. Tatizo liko kwenye kimo. Katika eneo dogo, kama wilaya moja, vigezo saba hugawanyika: vinne hushughulikia ulalo wa ardhi (kusogea kuelekea mashariki, kusogea kuelekea kaskazini, kuzunguka na skeli), na vitatu hushughulikia kimo (kupanda au kushuka, pamoja na kuinama kwa pande mbili). Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mashimo, na vivyo hivyo bikoni tatu hukubaliana na mwinamo wowote. Kama kimo cha bikoni moja kimekosewa kwa nusu mita, hesabu itainamisha eneo zima, na mabaki ya kimo yatasomeka sifuri. Bikoni ya nne itaonyesha kwamba kuna kosa, lakini haitasema liko wapi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya maana huanzia bikoni tano.

Tuone tano zinavyofanya kazi kwa mfano wa kufundishia. Nne ziko kwenye pembe za mraba wa kilomita 20 kwa 20, na ya tano iko katikati. Tuseme zote ni kamilifu isipokuwa ya kaskazini-mashariki, ambayo greda lililokuwa likichonga barabara liliisukuma sentimita 20 kuelekea mashariki. Tukipiga hesabu, bikoni hiyo haionyeshi mabaki ya sentimita 20. Inaonyesha 11. Zilizobaki zimegawiwa wasio na hatia: pembe mbili za jirani zinaonyesha zaidi ya sentimita 6 kila moja, ile ya katikati sentimita 4, na ya pembe ya mkabala sentimita 1. Kwa hiyo anayetazama mabaki asitarajie mkosaji ajitaje kwa ukubwa wake wote. Atafute bikoni yenye mabaki makubwa kuliko zote, aiondoe, apige hesabu upya. Hapa nne zilizobaki zitakaa sawasawa, na ile iliyoondolewa, ikigeuzwa kwa vigezo vipya, itaangukia sentimita 20 mbali na mahali ilipopimwa. Hapo ndipo ukubwa halisi wa kosa unapojulikana.

Kosa hilo hilo limefanya jambo jingine. Limezaa skeli ya uongo ya sehemu 2.5 katika milioni. Ndani ya mraba wetu hiyo ni sentimita chache, lakini vigezo hupimwa kutoka kitovu cha dunia, kilomita zaidi ya 6,300 chini yetu. Kwa umbali huo, sehemu 2.5 katika milioni ni mita 16. Ili bikoni zibaki mahali pake, TX, TY na TZ hulazimika kufidia mita hizo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupima wilaya moja, wapate misogeo inayotofautiana kwa mita nyingi, na bado kila mmoja ageuze bikoni zake kwa usahihi wa sentimita. Vigezo saba ni kifurushi kimoja. Ukichukua misogeo ya huyu na mizunguko ya yule, umeharibu vyote. Ukikata desimali pia unaharibu: sekunde moja ya pembe kutoka kitovu cha dunia hufikia mita 31 juu ya ardhi, hivyo sehemu ya kumi ya sekunde ni mita 3. Wanaotaka misogeo inayosomeka hutumia njia ya Molodensky-Badekas, inayozungusha mtandao kwenye kitovu chake wenyewe, si cha dunia.

Alama za mizunguko nazo zina mtego. Programu nyingine huzungusha nukta, na kwenye skrini huandika Position Vector. Nyingine huzungusha mihimili, na huandika Coordinate Frame. Pembe ni zile zile, alama zimegeuka. Mzunguko wa sekunde moja ukiingizwa kwa alama isiyo yake unaleta kosa la hadi mita 62, kwa sababu badala ya kuondoa tofauti unaiongeza maradufu.

Hata ukifanya yote hayo vizuri, usitarajie seti moja itoshe nchi nzima. Mitandao ya zamani ilijengwa kwa pembetatu juu ya pembetatu, na makosa yake hayakusambaa sawasawa. Jeshi la Marekani lilipochapisha misogeo mitatu ya kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, Kenya ilipewa -157, -2 na -299. Tanzania ikapewa -175, -23 na -303. Mfumo una jina moja, lakini Y imetofautiana kwa mita 21. Na kama vimo ulivyotumia ni vya kutoka usawa wa bahari, vigezo vyako vitakubali vimo vya aina hiyo tu.

Kwa hiyo ukikabidhiwa vigezo kwa ajili ya kiwanja, bomba au barabara, omba namba zote saba na desimali zake, jina la mapokeo ya mzunguko, aina ya vimo, na orodha ya bikoni pamoja na mabaki ya kila moja. Kisha omba bikoni moja ambayo haikuingizwa kwenye hesabu, nenda nayo uwandani, uijaribu wewe mwenyewe.