Kikapu cha Matofaa

Mwaka 1852, katika shule moja ya mji wa Aix, kusini mwa Ufaransa, alifika mtoto mgeni, yatima wa baba, mnyonge, mwenye lafudhi ya Paris. Wenzake wakamtenga. Mmoja tu, mtoto wa mwenye benki, alithubutu kuzungumza naye, akapigwa kwa ajili hiyo. Kesho yake yule mgeni alimletea kikapu cha matofaa. Ndivyo alivyosimulia mtetezi huyo uzeeni. Yeye ni mchoraji Paul Cézanne, na mgeni ni mwandishi Émile Zola.

Wakawa chanda na pete: kuogelea mtoni, kusomeana mashairi, kuzurura vilimani. Zola alipohamia Paris mwaka 1858, barua zikawa ndefu kuliko mazungumzo yao.

Kisha maisha yakageuka. Vitabu vya Zola vilimtajirisha; picha za Cézanne hazikununuliwa. Mwaka 1878, baba yake Cézanne alipogundua kwamba mwanawe ana mwanamke wa siri na mtoto, akampunguzia posho, Zola ndiye aliyempelekea mama yule faranga 60 kwa mwezi. Tena alipeleka kimyakimya, bila masimango.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba urafiki huo uliuawa na kitabu. Mwaka 1886 Zola alitoa riwaya kuhusu mchoraji anayeshindwa na kazi yake hadi akajiua, na watu wakamwona Cézanne humo. Naye akamwandikia barua fupi ya shukrani, yenye adabu tupu. Wakasema, basi, hiyo ndiyo kwaheri.

Lakini mwaka 2013 ikajitokeza barua nyingine, ya tarehe 28 Novemba 1887. Humo Cézanne anashukuru kwa kupelekewa kitabu kingine, na anaahidi kwenda kumwona Zola atakaporudi. Hayo si maneno ya mtu aliyenuna. Baada ya hapo, barua zao hazijulikani tena.

Mimi naamini zaidi alivyomweleza muuza picha Ambroise Vollard: hawakugombana, ila yeye Cézanne ndiye aliyeacha kwenda. Alikuwa haoni raha tena nyumbani kwa rafiki yake, penye mazulia, watumishi, na meza kubwa ya kuchongwa. Mtu aliyezoea kukaa naye ukingoni mwa mto, leo anasubiri kupokelewa mlangoni. Zola hakumfukuza, aliishi tu kama hali yake ilivyomruhusu. Cézanne naye hakumhusudu. Miguu tu ilizidi kuwa mizito.

Zola alifariki mwaka 1902 kwa hewa ya sumu kutoka katika bomba la moshi la chumba chake. Habari ilipofika Aix, Cézanne alijifungia katika chumba chake cha kuchorea, akalia. Mwaka 1906 sanamu ya Zola ilipozinduliwa maktabani mjini humo, alikuwapo, mzee anayeugua kisukari. Mzungumzaji mmoja alipoanza kukumbusha utoto wao, alilia tena mbele za watu. Oktoba ya mwaka huohuo naye akafariki.