Saa na Hesabu: Kupima Kasi ya Kupanga

Mwalimu mwenye karatasi 1,000 za mtihani anaweza kuzipanga kwa alama kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua karatasi mojamoja na kuichomeka mahali pake kati ya zile alizokwisha kuzipanga. Ya pili ni kugawa rundo nusu kwa nusu mpaka ibaki karatasi mojamoja, kisha kuunganisha marundo mawilimawili kwa kutazama karatasi za juu tu. Njia hii ya pili John von Neumann aliiandikia kompyuta mwaka 1945. Wanafunzi wa kompyuta huziandika zote mbili kama programu, huzipima kwa saa, kisha huandika ripoti ya kueleza kama saa imekubaliana na hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika kuchomeka, kila karatasi mpya hupita, kwa wastani, nusu ya zile zilizotangulia, kwa hiyo karatasi 1,000 hudai ulinganisho kama 250,000. Katika kuunganisha, rundo hilo hugawanyika mara 10 hivi, na kila ngazi haizidi ulinganisho 1,000, kwa hiyo jumla haifiki 10,000.

Lakini hesabu haisemi sekunde ngapi. Sekunde hutegemea mashine, lugha ya programu na mkono wa mwandishi wake. Inachotabiri ni ukuaji: ukizidisha karatasi mara mbili, muda wa kuchomeka unapanda mara nne, na wa kuunganisha unapanda mara mbili na ziada kidogo. Ndiyo maana ripoti nzuri huchagua ukubwa wa 1,000, 2,000, 4,000 na 8,000, kisha hugawa kila muda kwa ule uliotangulia. Tuseme kuchomeka kumetoa milisekunde 20, 81, 326 na 1,310. Uwiano unakuja karibu na 4 kila mara, na hapo saa na hesabu vimekubaliana. Kwangu mimi uwiano huo ni ushahidi bora kuliko mchoro wa mstari uliopinda, kwa sababu mistari mingi iliyopinda hufanana machoni.

Sasa tuje kwenye kelele. Wakati programu yako inapimwa, kompyuta inafanya na kazi nyingine: inapokea ujumbe, inakagua virusi, inasafisha kumbukumbu. Ikipata joto sana, prosesa hupunguza kasi. Kazi ya milisekunde 2 ikikatizwa kwa milisekunde 1, kosa ni nusu nzima. Kazi ya sekunde moja haitasikia kitu. Hivyo vipimo vya orodha fupi ndivyo visivyoaminika zaidi. Tena usipime kutoka ndogo kwenda kubwa siku zote, maana orodha kubwa zitaangukia mashine ikiwa imeshachemka, changanya mpangilio.

Kelele hizi karibu zote huongeza muda, hazipunguzi. Kwa hiyo ukirudia kupima orodha ileile mara saba, muda mfupi kuliko yote ndio ulio karibu na ukweli, wala si wastani. Katika Python hufanyika hivi:

```python
nyakati = []
for i in range(7):
    nakala = list(asili)
    t0 = time.perf_counter()
    panga(nakala)
    nyakati.append(time.perf_counter() - t0)
print(min(nyakati))
```

Mstari wa `nakala` ndio unaosahaulika, na madhara yake ni makubwa. Bila huo, duru ya kwanza inapanga orodha, na duru sita zinazofuata zinapewa orodha iliyokwisha kupangwa. Kuchomeka kukikuta kila karatasi iko mahali pake hufanya ulinganisho 999 tu badala ya 250,000. Ukichukua muda mfupi kuliko yote, umechukua wa orodha ambayo haikuhitaji kazi. Dalili yake iko wazi: uwiano wa kuchomeka unashuka kutoka 4 hadi 2, na njia iliyopaswa kushindwa inaonekana kuishinda ile ya kuunganisha.

Hata hivyo, kuchomeka kukishinda kwenye orodha ya vitu 20 si kosa. Kuunganisha kuna gharama zake za kugawa na kunakili, na kwa vitu vichache gharama hizo huzidi faida. Tim Peters alilitumia jambo hilo mwaka 2002 alipoiandikia Python njia yake ya kupanga, Timsort: vipande vifupi hukamilishwa kwa kuchomeka, kisha ndipo vinaunganishwa.

Ukiandika ripoti ya namna hii, weka nyakati zote saba za kila ukubwa, si ule mfupi peke yake. Msomaji akiona milisekunde 20 ikifuatwa na 0.1 mara sita, atajua mara moja kwamba orodha haikunakiliwa.