Ndoo ya Bati na Maji ya Mrututu

Mkulima wa kahawa anayepambana na chulebuni au kutu ya majani anaujua mrututu, yale mawe ya bluu yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kanuni ya zamani ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa na maji lita 100. Mchanganyiko huo unaitwa kwa jina la Bordeaux, mji wa Ufaransa ambako profesa Millardet aliutangaza mwaka 1885, baada ya kuona kwamba mizabibu iliyopakwa dawa ya namna hiyo haikushambuliwa na ukungu. Tangu enzi hizo maelekezo yake yana sharti moja lisilobadilika: mrututu usiyeyushwe kwenye ndoo ya bati. Tumia chombo cha plastiki, cha mti au cha udongo.

Anayelipuuza sharti hilo hangoji sana kuona matokeo. Ukuta wa ndoo uliokuwa uking'aa unapoteza mng'ao, kisha unavaa utandu wa kahawia iliyokolea, karibu na weusi, laini kama sifongo. Bluu ya maji inafifia. Ndoo ikiachwa hivyo usiku kucha huweza kutoboka, na maji yaliyobaki hayana tena nguvu ya dawa, kwa sababu shaba iliyokusudiwa kwenda kwenye majani imeganda chini ya ndoo.

Mkemia hahitaji kuiharibu ndoo ili ajue kwamba haya yatatokea. Anafungua jedwali moja, anasoma namba mbili na kutoa moja kutoka kwa nyingine.

Jedwali hilo linaitwa jedwali la potenshali sanifu, na namba zake zinapimwa kwa volti. Mrututu ni salfeti ya shaba. Ukiyeyuka, shaba yake huelea majini ikiwa ioni, yaani atomu iliyopungukiwa na elektroni 2. Ukuta wa ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki, na atomu za zinki bado zina elektroni zake zote. Swali ni hili: kati ya shaba na zinki, nani anazivuta elektroni kwa nguvu zaidi? Ni kama mchezo wa kuvuta kamba, na potenshali ya kila metali ndiyo kipimo cha mvuto wake.

Kipimo hicho hupatikana maabara. Fimbo ya shaba huchovywa kwenye maji yenye ioni za shaba, moli 1 katika kila lita, nyuzijoto 25. Upande wa pili huwekwa kipande cha platini kwenye tindikali yenye ioni za haidrojeni kwa kiasi hichohicho, na gesi ya haidrojeni ikipulizwa juu yake. Pande mbili huunganishwa na mita ya volti inasomwa. Wakemia walikubaliana kuuita upande wa haidrojeni sifuri, na kila metali hupimwa kuanzia hapo. Shaba inasoma volti 0.34 juu ya sifuri. Zinki inasoma 0.76 chini ya sifuri, chuma 0.44 chini, risasi 0.13 chini, na fedha 0.80 juu. Namba ikiwa juu, ioni za metali hiyo zinazitaka elektroni kwa nguvu. Ikiwa chini, metali yenyewe iko tayari kuziachia na kuingia majini.

Turudi kwenye ndoo. Anayepokea elektroni ni ioni ya shaba, +0.34. Anayezitoa ni zinki, −0.76. Toa namba ya mtoaji kutoka kwa namba ya mpokeaji: 0.34 kutoa −0.76 ni 1.10. Jibu likiwa chanya, mabadiliko yanajiendea yenyewe:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Zinki inaingia majini, shaba inatoka na kuganda ukutani. Mahali ambapo zinki imekwisha, chuma cha chini kinaingia zamu yake: 0.34 kutoa −0.44 ni 0.78, chanya tena. Ndiyo maana ndoo haiishii kubadilika rangi tu, bali inatoboka. Kilo 1 ya mrututu ina shaba takriban gramu 254, na shaba hiyo yote inaweza kuyeyusha gramu 262 za zinki au gramu 224 za chuma.

Sasa igeuze hesabu. Weka waya wa shaba kwenye maji ya salfeti ya zinki. Mpokeaji ni zinki, −0.76, na mtoaji ni shaba, +0.34. Jibu ni −1.10, na waya utakaa humo bila kudhurika. Hata kuweka shaba kwenye maji ya shaba hakuna hasara, kwa kuwa hakuna tofauti ya namba. Watengenezaji wa mabomba ya kwanza ya kupulizia mizabibu waliyatengeneza kwa shaba, na walikuwa na haki.

Mtu anaweza kuuliza: namba hizi ni za moli 1 kwa lita, lakini mkulima hayeyushi kwa kipimo hicho. Ni kweli. Kilo 1 katika lita 10 za maji inatoa kama moli 0.4 kwa lita. Kwa ioni kama za shaba, zinazopokea elektroni 2, kila ukipunguza ukali wa maji mara kumi, potenshali inashuka kwa volti 0.03 tu. Katika ndoo yetu shaba inashuka kutoka 0.34 hadi 0.33, tofauti isiyobadilisha chochote. Hata ukali ukishuka hadi sehemu ya milioni ya moli, shaba ingebaki na 0.16, mbali juu ya chuma na zinki. Pengo likiwa pana hivyo, unaweza kuliamini jedwali bila kusahihisha. Hali ni tofauti kwa risasi na stani, metali mbili za kulehemia. Stani ni −0.14 na risasi −0.13. Pengo la volti 0.01 linaweza kupinduliwa na kipimo cha maji peke yake, na hapo jedwali haliwezi kukuambia nani atamwondoa nani mpaka ujue ukali wa kila upande.

Kanuni hiyohiyo inajibu swali la tindikali. Katika tindikali kama ile ya betri au ya chumvi, anayezitafuta elektroni ni ioni ya haidrojeni, na namba yake ni sifuri. Kwa hiyo metali yoyote iliyo chini ya sifuri inatarajiwa kuyeyuka na kutoa viputo vya gesi ya haidrojeni, na iliyo juu ya sifuri inatarajiwa kukaa salama. Msumari wa bati ukitumbukizwa kwenye tindikali ya betri iliyozimuliwa, zinki yake hutoa viputo vingi mara moja, kisha chuma kinaendelea taratibu. Waya wa shaba humo hautoi kiputo hata kimoja. Anayetaka kujaribu afanye nje, avae miwani na glavu, na awe mbali na moto, kwa kuwa haidrojeni inawaka.

Lakini tindikali ya naitriki huiyeyusha shaba kwa fujo na kutoa moshi wa kahawia wenye sumu. Jedwali halijakosea. Katika tindikali hiyo mpokeaji si haidrojeni tena bali naitreti, yenye namba +0.96. Ukitoa 0.34 unapata 0.62, chanya. Kosa ninaloliona mara nyingi katika maelezo ya shule ni kusema "shaba haiyeyuki katika tindikali", kana kwamba tindikali zote ni moja. La kuuliza kwanza ni kwamba katika chombo hiki, nani hasa anapokea elektroni.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halilisemi kabisa, nalo ni kasi. Namba zinasema mabadiliko yanaelekea wapi. Hazisemi yatachukua dakika au miaka. Mfano umo ndani ya kila gari. Risasi iko 0.13 chini ya sifuri, kwa hiyo ilipaswa kuyeyuka katika tindikali, lakini sahani za risasi hukaa ndani ya tindikali ya betri kwa miaka. Sababu ni mbili. Risasi ikigusa tindikali hiyo hujifunika kwa salfeti ya risasi, ambayo karibu haiyeyuki, na haidrojeni ni nzito sana kuunda viputo juu ya uso wa risasi. Aluminiamu ndiyo yenye hila kubwa zaidi. Namba yake ni −1.66, chini sana ya zinki, lakini sufuria ya aluminiamu ikitiwa maji ya mrututu huweza kukaa muda mrefu bila dalili, kwa sababu ya utandu mwembamba wa oksidi unaoifunika. Tia chumvi ya mezani humo. Kloridi inautoboa utandu, na baada ya muda mfupi sufuria inachemka viputo na kujaa shaba nyekundu. Mtu aliyejaribu mara moja bila chumvi akaona hakuna kitu, akahitimisha kwamba aluminiamu inafaa, ataipoteza sufuria siku ya maji yenye chumvi.

Wakulima wa zamani waliigeuza hatari hii kuwa kipimo. Katika dawa ya Bordeaux chokaa ina kazi ya kuikamata shaba iwe katika hali isiyoyeyuka, kwa sababu ioni za shaba zilizo huru zinaunguza majani. Ili kujua kama chokaa imetosha, walichovya kisu kisafi cha chuma kwenye dawa kwa dakika moja hivi. Kisu kikitoka na wekundu wa shaba, bado kuna ioni huru zinazochukua elektroni za chuma, na chokaa iongezwe. Kisu kikitoka kama kilivyoingia, shaba imekamatwa.

Kipimo hiki bado kinafaa, ila visu vya jikoni vya leo vinadanganya. Vingi ni vya chuma kisichoshika kutu, chenye kromi, na kromi huvaa utandu wa oksidi kama aluminiamu. Kisu hicho kinaweza kutoka kikiwa kisafi hata kwenye maji matupu ya mrututu. Chukua msumari wa kawaida usiopakwa zinki, uusugue kwa msasa mpaka ung'ae na uufute mafuta. Kisha uchovye kwanza kwenye kijiko cha maji ya mrututu yasiyo na chokaa. Ukigeuka mwekundu hapo, utajua msumari wako unafanya kazi. Usugue upya, ndipo uupeleke kwenye dawa.