Shela Nyeupe, Uso wa Kahawia

Video ya harusi huhaririwa usiku kwenye kompyuta ya mkononi, hutumwa asubuhi kwa WhatsApp, na jioni shangazi huitazama kwenye runinga ya sebuleni. Katika vioo hivyo vitatu bibi harusi ana rangi tatu. Kwa mhariri alikuwa wa kahawia iliyoiva, kwenye simu akawa mwekundu kidogo, na kwenye runinga shela lake likawa karatasi tupu isiyo na hata uzi mmoja wa nakshi. Kisha simu inaanza kulia: "Kaka, mbona dada yetu mmemfanya hivi?"

Faili ni lile lile. Kilichobadilika ni kioo, na pamoja nacho jicho. Simu hujiongeza mwanga yenyewe ukitoka nje, na usiku nyingine hujipaka unjano. Jicho nalo huzoea: ukikaa saa moja mbele ya picha yenye unjano, ubongo unaanza kuuona unjano ule kuwa weupe, na hata ungekuwa na kioo cha bei mbaya hali ni ile ile. Ndiyo maana programu za kuhariri zina vipimo vinavyosoma namba zilizomo ndani ya faili bila kujali kioo. Kwenye menyu utaviona kwa majina ya Histogram, Waveform na Vectorscope. Mafundi wetu huviita histogramu, wevufomu na vektaskopu.

Tuchukue picha moja tuifuate. Bibi harusi amesimama upande wa kushoto wa fremu, shela jeupe, ngozi ya kahawia. Kulia kwake ni bwana harusi mwenye suti nyeusi. Taa za ukumbi ni za manjano, na nyuma yao kuna taa ndogo za mapambo.

Histogramu ndiyo wengi wanaoijua, kwa sababu imo hata kwenye kamera. Inahesabu pikseli: za giza zinarundikwa kushoto, za mwanga kulia. Katika picha yetu kuna rundo kubwa kushoto, ambalo ni suti na kona za ukumbi, na jingine limebanana kwenye ukuta wa kulia. Maana yake kuna mahali pameungua. Lakini ni wapi? Histogramu haijui. Zikiwa ni zile taa ndogo za mapambo, ziache ziungue, hakuna anayetafuta nakshi ndani ya balbu. Likiwa ni shela, hapo kuna kesi.

Jibu liko kwenye wevufomu. Yenyewe huanzia kushoto kwenda kulia sawasawa na picha, kwa hiyo kilichoko kushoto mwa fremu kinaonekana kushoto mwa grafu. Kwenda juu ni mwanga: 0 ni weusi kabisa, 100 ni weupe wa mwisho. (DaVinci Resolve huandika 0 hadi 1023, lakini kusoma ni kule kule.) Juu ya bibi harusi tunaona wingu zito lililopanda hadi kileleni na kukatika kama limepigwa rula. Mstari huo ulionyooka ndio shela lililoungua. Taa za mapambo ni vijinukta tu vilivyogusa juu. Suti iko chini, karibu na 5, na uso wa bibi harusi unaelea kwenye 40 hivi.

Sasa shusha sehemu zenye mwanga na utazame ule mstari. Ukianza kufumuka, ukatoa mawimbi madogo ya mikunjo ya kitambaa, basi nakshi zilikuwepo ndani ya faili, zilikuwa zimepita tu juu ya 100. Ukishuka mzima mzima ukiwa bado umenyooka, habari imekwisha: umepata shela la kijivu badala ya jeupe, na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea kwenye kamera. Shela letu lilifumuka. Liweke kati ya 80 na 90, libaki jeupe lenye mikunjo.

Hapa ndipo kuna tabia moja inayoharibu picha nyingi za kwetu. Vitabu na mafunzo mengi husema uso ukae kwenye 70. Namba hiyo ilitokana na ngozi nyeupe. Si jambo geni. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye mwanamke wa Kizungu. Ukiusukuma uso wa kahawia kutoka 40 hadi 70, shela linalipuka, ngozi inakuwa ya kijivujivu, na bibi harusi hajitambui. Ngozi nyeusi inaweza kukaa 35 hadi 50 na ikapendeza kabisa. Ninachotazama mimi zaidi ni ule mng'ao wa paji la uso na shavuni: ukionekana juu kidogo ya uso wote bila kugonga kilele, uso una uhai.

Baada ya mwanga, rangi. Badili wevufomu iwe Parade, ambayo inaigawa picha mara tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kitu cheupe kinatakiwa kufika kimo kimoja katika zote tatu. Kwenye shela letu bluu imebaki chini ya nyekundu, na huo ndio unjano wa taa za ukumbi ambao jicho lilikwisha uzoea. Pandisha bluu kwenye Gain hadi vilele vikaribiane.

Kisha vektaskopu, lile duara. Katikati hakuna rangi. Kadiri doa linavyokimbilia ukingoni ndivyo rangi inavyokolea, na upande linaloelekea ndio aina ya rangi. Kati ya nyekundu na njano upo mstari wa ngozi. Kwenye Resolve utauona baada ya kuchagua Show Skin Tone Indicator. Cha ajabu ni kwamba mstari huo unamfaa Msukuma, Mwarabu na Mnorwe kwa pamoja, kwa kuwa ngozi za watu hutofautiana sana kwa mwanga na kwa ukolevu, lakini aina ya rangi, inayotokana na damu na melanini, ni karibu moja.

Usisome doa la picha nzima, maana pazia la rangi ya dhahabu nalo huangukia karibu na mstari huo na litakudanganya. Chora duara kwenye shavu, ficha mengine yote, ndipo usome. Doa la bibi harusi wetu, baada ya kusawazisha shela, limetua karibu na mstari. Likielekea kijani, mtu ataonekana mgonjwa. Likielekea zambarau, kuna taa ya disko imempiga.

Hapo sasa vipimo vinaishia. Watu wakicheza chini ya taa za zambarau, uso wa zambarau ndio ukweli wa usiku ule, na ukiulazimisha kwenye mstari utaua sherehe. Pia kama kamera ilirekodi kwa logi, kwa mfano S-Log3 ya Soni, namba hizi hazifai hadi uibadilishe kuwa Rec.709. Ndani ya logi hiyo kitu cheupe cha kawaida hukaa karibu na 61, na mgeni anaweza kudhani picha ina giza.

Vipimo hivi vyote vimo kwenye toleo la bure la DaVinci Resolve. Fungua ukurasa wa Color, bonyeza Ctrl+Shift+W, na uanze na video uliyokwisha kumkabidhi mteja.